Jalada la Majani ya Mkorosho

Abiria hawajamaliza kushuka ngazi za ndege, Fikirini Mrisho alikuwa ameshawagawa. Hakuwagawa kwa sura wala kwa mavazi, maana sura hudanganya na suti huazimwa. Aliwagawa kwa vile vijitabu walivyoshika mkononi. Kwa mwendo wa kutoka mlangoni mpaka kwenye kaunta yake ya uhamiaji pale uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, alikuwa ameshajua nani ni wa wapi, nani anahitaji viza na nani hahitaji, na yupi atamchelewesha.

Watu walimwona mchawi, naye hakujishughulisha kuwakatalia. Lakini uchawi wenyewe ulikuwa macho tu. Pasipoti ya Mwingereza ilikuwa na jalada gumu la buluu iliyokaribia weusi, nembo ya dhahabu katikati, na vidirisha viwili vilivyokatwa kwenye jalada: cha juu kinaonyesha jina la mwenyewe, cha chini namba. Nchi nyingi alizozitawala ziliiga vidirisha hivyo, kwa hiyo ukiona dirisha usikimbilie kusema Mwingereza. Tazama kwanza nembo. Simba waliopeana migongo ni Mhindi. Pasipoti ya Mmarekani, miaka ile, ilikuwa ya kijani na tai wake wa dhahabu. Mjerumani wa Magharibi naye kijani, naye tai, ila kijani chake kimekolea zaidi na tai wake amekonda. Nyekundu yenye msalaba mweupe ni Mswisi, hata kipofu angemtambua. Watu wa Umoja wa Mataifa walikuja na buluu ya anga. Za Kiarabu aliziweka kaunta zikiwa zimetazama upande wa pili, kwa sababu hufunguliwa kutoka kulia, na afisa mgeni utamwona anahangaika nazo kama anayevaa shati kwa kuanzia mgongoni.

Jalada lilimwambia hata tabia. Dhahabu iliyofutika pembeni ni ya mtu anayesafiri kila mara. Iliyovimba katikati imeongezwa kurasa. Na vidirisha vya kiwandani vina kingo laini. Ukiona kingo zenye nyuzi nyuzi, ujue kuna mtu amekaa na wembe.

Ndiyo maana kitu alichokichukia kuliko vyote duniani kilikuwa kava. Kuna abiria waliovalisha pasipoti zao plastiki, ngozi, hata karatasi ya kaki kama daftari la shule. Fikirini alikuwa akipaza sauti kabla hawajamfikia: "Ndugu zangu, kava zitolewe!" Mwenzake wa kaunta ya pili, Aristides, Mhaya mcheshi, alikuwa akimtania.

"We Fikirini, hata mkeo siku ya harusi utamwambia atoe ushungi ukiwa bado uko barabarani."

"Mke gani?" Fikirini alijibu. "Nitolee balaa."

Lakini hapo alidanganya. Mke alishamchagua, tena zamani, ila hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata huyo mke mwenyewe.

Alikuwa Sabaha Bakili, fundi cherehani, mpangaji katika nyumba ya mama yake Fikirini kule Gerezani. Mama mtu, Bi Kuruthumu, alimpa chumba cha mbele kwa sababu kilikuwa na baraza pana ya kuweka cherehani, na kwa sababu alipenda kukaa hapo asubuhi akichambua mchele huku akiwasema wapita njia. Sabaha alisema ametoka Mikindani. Alizungumza kama watu wa pwani ya kusini, taratibu, na alishona bila kuinua kichwa. Wateja walimfuata kutoka Msimbazi na hata Magomeni, wakipita pembeni ya soko jipya la Kariakoo ambalo mafundi walikuwa wangali wakilipandishia yale mapaa yake ya zege.

Jioni moja, mwaka wa sabini na tano, Fikirini alirudi na kitambaa. Kilikuwa kitenge cha buluu chenye majani ya mkorosho ya manjano, kipande cha mwisho dukani, kimechapwa vibaya kidogo kiasi kwamba kila jani lilikuwa na kivuli chake pembeni. Muuza duka aliona aibu kukiuza. Fikirini alikipenda kwa kosa hilohilo.

"Nishonee shati," alisema. "La mikono mifupi."

"Simama vizuri nikupime," Sabaha alisema. "Mikono usiibane. Humu hamna mwizi."

Akampima mabega. Akainamia kikapu chake kutafuta chaki, akasogeza vipande vya nguo huku na huku. Hapo ndipo Fikirini alipoona kona. Haikuzidi ukubwa wa kiberiti: kona ya juu ya kijitabu cha kijivu, upande wa kushoto, na juu yake mistari miwili myeusi iliyokata kwa mshazari.

Kwa mtu mwingine ile ingekuwa kona ya daftari. Kwa Fikirini ilikuwa sawa na mtu kumpigia kelele sikioni. Mistari miwili myeusi kwenye kona ya kushoto ilikuwa alama ya hati moja tu, iwe imetolewa na nchi gani: hati ya kusafiria ya mkimbizi. Sabaha hakuwa mtu wa Mikindani. Alikuwa ametoka ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, kulikokuwa na vita na Mreno kwa miaka yote ile.

Sabaha aliinua kichwa na chaki mkononi. Aliyaona macho ya Fikirini yalipokuwa yametua. Akavuta kitambaa taratibu, akakifunika kikapu.

"Shingo," alisema. Akampima shingo, na vidole vyake vilikuwa vya baridi.

Fikirini hakusema kitu. Alijiona muungwana kwa kunyamaza. Usiku alilala chali akihesabu makosa yake: mkimbizi hakai mjini bila kibali, yeye ni afisa wa uhamiaji, naye ameona na kunyamaza. Akajiambia liwalo na liwe, hatamripoti. Alijisikia shujaa, maskini ya Mungu, na wala hakuwaza kwamba kimya cha afisa kina sauti nyingine kabisa kwenye masikio ya mkimbizi.

Siku zilizofuata alimpita pale barazani akisalimia kwa haraka, kama mtu anayedaiwa. Alidhani anamwonea huruma kwa kutomtazama. Kumbe Sabaha alizidi kuingiwa na hofu. Ijumaa Fikirini alipotoka kazini alikuta cherehani imefunguliwa miguu, imefungwa kamba, na Bi Kuruthumu amekaa mlangoni na uso wa msiba.

"Anahama," mama alisema. "Nimemuuliza nini kimekuudhi, hasemi. Umemfanya nini mwanangu yule?"

"Mimi? Sijamgusa hata kwa neno."

"Basi pengine ndiyo kosa lenyewe. Nenda kaongee naye."

Sabaha alikuwa chumbani, mlango wazi, akikunja shati la majani ya mkorosho. Alikuwa amelimaliza. Fikirini alisimama kizingitini.

"Niliona kona," alisema mwishowe.

"Najua uliona."

"Sitamwambia mtu. Nilitaka ujue hivyo. Hata kibali nisingekuuliza."

Sabaha akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. Akachukua kile kijitabu kikapuni, akamtupia kitandani.

"Kifungue."

"Hakuna haja, mimi nikiona jalada—"

"Najua. Mtaa mzima unajua. Bwana Fikirini hafungui. Leo fungua."

Akafungua. Ndani, kati ya kurasa, kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara mbili: kibali cha kukaa na kufanya kazi Dar es Salaam, na mhuri wa halali, na tarehe ambayo haijapita. Siku zote zile alizojitesa kitandani, kibali kilikuwemo humohumo, vidole vyake vingekigusa kama angeuliza tu.

"Sasa ulikuwa unaficha nini?" aliuliza, na aibu ikimpanda masikioni.

"Neno lenyewe," Sabaha alisema. "Nimeingia nchi hii msichana, nikiwa na shangazi yangu na sufuria moja. Kambini nilikuwa mkimbizi. Nilipopelekwa Nairobi kusomea ushonaji, nilikuwa mkimbizi. Hati hiyo ndiyo niliyosafiria. Hapa kwenu nimekuwa Sabaha fundi. Nilitaka nikae na jina hilo kidogo. Wewe ulipotazama kikapu, ukanyamaza, ukaanza kunipita kama sina uso, nikasema basi, nimerudi kulekule."

Fikirini aliketi kwenye kasha bila kukaribishwa. Iliingia moyoni, hasa kwa kuwa ilikuwa kweli. Alikuwa amemsoma mtu kwa kona.

"Nisamehe, Sabaha."

"Nimekusamehe. Sasa nifanyie kazi yako." Akasogea karibu, sauti imeshuka. "Kwetu sasa kumepata uhuru. Kuna watu wamekuja na habari kwamba mama yangu yuko hai, Palma. Miaka yote nilikuwa namwombea kama marehemu. Nataka niende nikamwone, kisha nirudi hapa. Hati hiyo itanifikisha na kunirudisha?"

Hilo ndilo lililokuwa likimla, na Fikirini aliliona mara moja: mama yuko upande mmoja, maisha yako upande mwingine, na katikati kijitabu cha kijivu. Akaisoma hati kama ambavyo hakuwa amesoma hati kwa muda mrefu, mstari kwa mstari.

"Tazama hapa," alisema. "Panasema mwenye hati anaruhusiwa kurudi Tanzania mpaka tarehe hii. Hiyo ni nzuri. Lakini soma hapa juu: inafaa kwa nchi zote isipokuwa ile uliyoikimbia. Hati hii msingi wake ni kwamba kule huwezi kwenda. Ukirudi kwa hiari yako na kupokea pasipoti yao, wewe si mkimbizi tena, na hii inakufa. Ukitaka kuja tena utakuja kama mgeni mwingine yeyote, kwa pasipoti ya kwenu na ruhusa yetu."

"Na wasiponipa pasipoti haraka?"

"Utangoja. Nchi mpya hiyo. Sijui itachukua muda gani, sitaki kukudanganya."

Sabaha alikikunja tena kibali chake. Nje Bi Kuruthumu alikohoa kikohozi cha mtu anayesikiliza.

Hapo Fikirini akafanya kosa la pili, na hili alilifanya kwa moyo mweupe. Kichwa chake, kilichozoea kutafuta njia za halali, kiliiona njia, naye akaitoa kama anavyotoa maelekezo kaunta.

"Kuna njia nyingine. Sheria inasema mwanamke aliyeolewa na raia wa Tanzania anaweza kuandikishwa uraia. Mimi ni raia. Tukioana kwanza utapata pasipoti yetu, utakwenda Palma na kurudi utakavyo."

Kikohozi cha nje kilikatika ghafla.

Sabaha alimwangalia mpaka akainamisha macho. "Fikirini. Hapo unaniposa, au unanigongea mhuri?"

Alitaka kumwambia. Alitaka kusema kwamba alianza kumpenda tangu siku alipomwona akishona huku mvua inapiga barazani, na hajui alale vipi nyumba hiyo ikiwa chumba hiki kina mpangaji mwingine. Lakini yote hayo sasa yangesikika kama nyongeza za fomu. Akakifunga kijitabu.

"Mimi si wa kuolewa kwa sababu ya karatasi," Sabaha alisema, si kwa ukali. "Kama kuna siku nitaolewa, nataka niwe nimekuja mwenyewe, kwa jina langu, na kwetu kunajulikana. Mtu ni kwao."

Akampa shati. Baada ya wiki chache aliirudisha ile hati wizarani na kuondoka na msafara wa waliokuwa wakirudi kwao. Cherehani aliiacha kwa Bi Kuruthumu, ili mama huyo asiseme ameondoka moja kwa moja, maana fundi haachi cherehani bure.

Bi Kuruthumu alilia siku mbili, siku ya tatu akapata la kulalamikia. Alikuwa akilikagua shati la mwanawe.

"Kitambaa ulichonunua kilitosha shati na nusu. Kipande kilichobaki kiko wapi?"

"Mama, fundi gani anarudisha vipande?"

"Wote wezi," mama alisema. "Hata walio wema."

Fikirini alilivaa lile shati mpaka kola ikachakaa. Barua haikuja, posta za nchi hizi mbili zilikuwa bado zinatafutana. Kazini aliendelea kugawa watu kwa rangi, ila mwaka uliofuata alipata funzo. Alikuja Mmarekani na pasipoti ya buluu. Tai alikuwepo, maandishi yalikuwepo, lakini buluu! Fikirini akaiweka pembeni, akamwambia mzee wa watu asimame kando, akamwita mkuu wake kwa sauti ya mtu aliyekamata mamba. Mkuu akaja na waraka mkononi: Wamarekani wameanza kubadilisha rangi, za kijani zitaendelea kutumika mpaka ziishe muda wake. Waraka ulikuwa umekaa mezani kwa Fikirini tangu Jumatatu. Aristides alicheka mpaka akaegemea kaunta.

"Mchawi kapotea njia!"

Fikirini alimwomba radhi yule mzee, na tangu siku hiyo alianza kufungua kila pasipoti na kutazama uso wa mtu kabla ya kutazama kitu kingine. Aliona kuwa kumbe watu wengi huja wakiwa na hofu. Akawa anawasalimia kwanza.

Ikawa hivyo mpaka alasiri moja ya joto, ndege kutoka Maputo. Abiria walikuwa wachache. Aristides, ambaye sasa ndiye aliyekuwa amerithi kelele, alipaza sauti: "Ndugu zangu, kava zitolewe!"

Fikirini aliinua macho kwa mazoea tu. Mlangoni, mkononi mwa mwanamke aliyejitanda khanga, akaona buluu. Si buluu ya Mwingereza wala ya Mmarekani. Ilikuwa buluu yenye majani ya mkorosho ya manjano, kila jani na kivuli chake pembeni. Kitambaa kile hakikuwa na ndugu. Muuza duka aliona aibu kukiuza.

Mhuri ulimponyoka ukagonga meza patupu.

Mwanamke akaja mpaka kwenye kaunta. Alikuwa amekonda kidogo. Akaweka pasipoti mbele yake, imeshonewa jalada la kitambaa, mishono midogo ya mtu aliyekuwa na muda mwingi wa kungoja.

"Habari za safari, ndugu," Fikirini alisema. 

"Salama."

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Amesema nikupe salamu."

Sheria ni sheria. Akalivua lile jalada, akafungua pasipoti, akatazama picha, akatazama ruhusa ya kuingia. Kila kitu kilikuwa sawasawa. Jina lilikuwa lake. Mahali alipozaliwa: Palma. Halafu akauliza yale maswali ambayo huulizwa kila mtu.

"Umekuja kwa shughuli gani?"

"Nimekuja kurudisha kipande cha kitambaa," Sabaha alisema. "Mwenye nacho asije akasema mafundi ni wezi."

"Na unakusudia kukaa kwa muda gani?"

Sabaha alimtazama usoni. "Hilo nilitaka nimuulize yeye. Safari hii sina haja ya karatasi yake. Ninayo yangu."

Aristides alikuwa ameacha kugonga mihuri. Abiria wa nyuma walianza kuchungulia.

"Anakuomba ukae," Fikirini alisema. "Anasema alikosea kuanza na sheria. Alitakiwa aanze na kusema anakupenda, na kwamba chumba cha mbele hakijapangishwa. Mama yake amewafukuza wapangaji wote kwa visingizio."

Sabaha alifuta machozi kwa pindo la khanga. "Basi gonga mhuri, kuna watu wanangoja nyuma yangu."

Akagonga. Hakuukosea ukurasa.

Jioni ile Bi Kuruthumu alipiga vigelegele mpaka mtaa ukatoka nje. Alikigeuza kile kipande cha kitambaa huku na huku, akakiri kwamba mafundi wengine ni waaminifu, ingawa wanachelewa. Kisha, kwa kuwa alipenda kumpima mwanawe mbele za watu, akamuuliza:

"Enhe, bingwa wa majalada. Hiyo pasipoti ya kwao ina rangi gani?"

Fikirini akafungua mdomo ajibu. Aliishika mwenyewe, aliivua kava kwa mikono yake, aliiweka mezani mbele ya macho yake. Akafikiri. Akamtazama Sabaha aliyekuwa barazani akifungua kamba za cherehani.

"Sikuiona, mama," alisema.